Nyuzi 72 kwa sekunde 15, au uchemshe mpaka yafure?

"Mtaalam habari, nimesoma kiwandani maziwa wanayapasha nyuzi 72 sekunde 15 tu basi. Mama mkwe ananiambia nichemshe mpaka yafure mara tatu. Nani yuko sahihi?"

Salama dada. Wote wako sahihi, ila vifaa ndo tofauti. Kinachoua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na brusela ni moto pamoja na muda, ukipunguza moto unaongeza muda, ndo maana kuna nyuzi 63 kwa dakika 30 na kuna hiyo 72 kwa sekunde 15, zote zinakubalika.

Sasa kiwandani ile 72 inawezekana kwa sababu maziwa yanapita katikati ya sahani nyembamba za chuma, yanapata moto sawasawa, halafu yanaingia kwenye bomba lililopimwa urefu ili kila tone likae humo sekunde 15 kamili. Mwisho wa bomba kuna themomita, joto likishuka valvu inayarudisha maziwa nyuma yakapashwe upya. Wewe jikoni una sufuria tu, chini kabisa yanaweza kuwa 80 wakati juu kwenye povu hata 60 hayajafika na kwa macho huwezi kujua. Kuchemka unakuona, hiyo ndo themomita ya mama mkwe.

Lakini angalia hapa, wengi wanakosea: maziwa yanafura kabla hayajachemka. Utando wa juu unabana mvuke, yanapanda ghafla, mtu anazima jiko akijua tayari. Yakipanda punguza moto, koroga na mwiko uvunje utando, yaache yatokote dakika moja au mbili huku unakoroga mpaka uone mapovu yanatoka chini katikati ya sufuria. Zile mara tatu za mama zinafanya kazi hiyohiyo. Usiyaache dakika ishirini, ladha inabadilika na vitamini C na baadhi ya B zinapungua bure.

Kama una themomita na hupendi ladha ya kuchemshwa, weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa ya maji, koroga, funika, na dakika 30 zianze kuhesabiwa yakishafika 63, sio ulipowasha jiko. Yakishuka 61 katikati, anza upya.

Kingine, kuna vijidudu vyenye mbegu ngumu, hivyo hata ukichemsha havifi, vinasubiri uvuguvugu vizaliane. Niliwahi kuitwa kwa mama mmoja anauza maziwa, anachemsha vizuri kabisa jioni, ila anaacha lita kumi zimefunikwa jikoni usiku kucha, asubuhi yamekatika. Tulibadilisha kitu kimoja tu: sufuria ikitoka jikoni inaingia kwenye beseni la maji baridi, anakoroga, maji yakipata moto anabadilisha, yakipoa yanaenda kwenye friji nyuzi 4. Hayakukatika tena.

Ya paketi yaliyokaa kwenye baridi muda wote hayahitaji kuchemshwa tena, ila ya kupimiwa kwenye ndoo chemsha kila siku.