Mkopo wa ada ya wakala: natuma kila mwezi, deni halishuki

"Niko Muscat, nilikopa milioni 2 Dar kumlipa wakala. Natuma laki 4 kila mwezi, miezi 5 sasa, mkopeshaji anasema deni ni lile lile. Naibiwa?"

Habari dada, pole. Kwanza angalia riba. Kama ni asilimia 20 kwa mwezi, kama yangu ya mtaani Mbagala, riba peke yake ni laki 4. Basi hela yako yote inaishia kwenye riba, na milioni 2 haijaguswa.

Mimi niliponyoka kwa kubadilisha mkopeshaji. Mama alikopa milioni 2 kwenye kikoba chake kwa asilimia 5 ya salio, akalipa lile deni lote siku moja. Nikaendelea kutuma laki 4 ile ile: mwezi wa kwanza riba laki 1, laki 3 zikapunguza deni. Mwezi wa pili riba ikawa 85,000. Mwezi wa 6 nikamaliza.

Ukifanya hivyo, siku ya kulipa, mtu wako wa Dar aende na shahidi, na hela isitoke mkononi kabla hajashika hati ya kiwanja, kama mliiweka dhamana, na karatasi iliyosainiwa kwamba deni limeisha. Yangu ilicheleweshwa wiki tatu, nikadaiwa riba nyingine.