Jibu: Izime hiyo programu, hesabu dabo za maabara kwanza

*"Nimeandika programu ya Python ya ratiba ya shule yetu hapa Likoni. Mikondo 8, maabara moja, walimu wengine wanavuka feri hawawahi kipindi cha kwanza. Inazunguka tangu jana jioni, haijatoa jibu. Niiache iendelee au nitafute kompyuta yenye nguvu zaidi? Na ratiba ya kila mwalimu nitaitoaje kwenye Excel?"*

Izime, ndugu yangu. Izime sasa hivi, na hiyo pesa ya kompyuta usiitoe.

Mimi niliiacha yangu usiku tatu mfululizo, shule zikikaribia kufunguliwa na naibu mwalimu mkuu akinipigia simu kila asubuhi. Jamaa aliyetufundisha kutengeneza ratiba kwa kompyuta, na tulimlipa, alinijibu: "Iache tu, itapata." Hakuniuliza tuna maabara ngapi. Mpaka leo nikimkumbuka roho inachafuka, kwa sababu jibu halikuwepo na lisingepatikana hata ingezunguka mwaka mzima.

Sikiliza ilivyokuwa. Tulikuwa na mikondo 7, na kila mkondo ulitaka dabo moja ya maabara kwa wiki katika baiolojia, kemia na fizikia. Hizo ni dabo 21, yaani vipindi 42. Siku ina vipindi 9, wiki 45, na Ijumaa tunaacha kipindi cha sita watu wawahi msikitini, vinabaki 44. Nikaona 42 inaingia kwenye 44, nikaridhika. Kosa langu lilikuwa hapo.

Dabo haikatwi na mapumziko. Kengele yetu inagawa siku hivi: vipindi viwili, mapumziko mafupi, viwili, mapumziko marefu, viwili, chakula cha mchana, kisha vitatu. Vile vitatu vya alasiri vinabeba dabo moja tu, cha tatu kinabaki peke yake. Kwa hiyo siku ina nafasi 4 za dabo na wiki ina 20. Ijumaa kipindi cha sita kikiondoka, cha tano kinakosa mwenzake, zinabaki 19. Dabo 21, nafasi 19. Kalamu na dakika tano zingetosha.

Kwa nini programu haikuniambia? Kwa sababu ilikuwa ya kupanga na kurudi nyuma: inaweka dabo moja, inaweka ya pili, ikikwama inabadilisha ya mwisho na kujaribu tena. Programu ya namna hiyo inaona mgongano wa dabo mbili mbili tu, haijui kujumlisha. Ilijaza nafasi zote 19, ikakwama kwenye ya ishirini, ikapangua, ikajaza kwa mpangilio mwingine. Mipangilio hiyo ni 19!, yaani 19 × 18 × 17 hadi 1, na hata ikijaribu milioni moja kila sekunde ni zaidi ya miaka 3,800. Kompyuta ya bei kubwa itakupunguzia nini hapo?

Baadaye nilihamia CP-SAT ya OR-Tools, programu ya Google ya kutatua masharti, lakini nayo ukiifungia kila sharti itakujibu `INFEASIBLE`, yaani haiwezekani, na kunyamaza, bila kukuonyesha penye tatizo. Kwa hiyo kila dabo niliipa ruhusa ya kubaki nje, kisha nikaiambia ipunguze zinazobaki:

```python
# m ni modeli; x[d, k] ni 1 dabo d ikikaa nafasi k; nje[d] ni 1 ikibaki nje
for d in dabo:
    m.add_exactly_one([x[d, k] for k in nafasi] + [nje[d]])
for k in nafasi:
    m.add_at_most_one(x[d, k] for d in dabo)
m.minimize(sum(nje.values()))
```

Ilirudi na mbili nje, sawasawa na hesabu ya kalamu. Kuanzia hapo mazungumzo ni ya watu. Nilimpelekea mkuu wa idara ya sayansi karatasi yenye 21 na 19, akakubali mikondo miwili ya Kidato cha Kwanza ipokezane maabara, wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine, kwa masomo yote matatu. Dabo zikashuka hadi 18. Kupokezana masomo mawili kungetosha kufika 19, lakini nilitaka nafasi moja ibaki wazi, kwa sababu maabara ikijaa pomoni, mwalimu mmoja tu asiyepatikana asubuhi anaiangusha ratiba nzima.

Sasa yako. Mikondo 8, na kama nanyi mnataka dabo moja ya kila sayansi, ni 24. Kama kengele yenu ni kama yetu, hata Ijumaa mkifundisha yote mna nafasi 20. Walimu wa feri hujawafikia bado, wala Excel. Niandikie hapa kengele yenu inagawaje siku, na ni dabo zipi mwalimu wa maabara anaweza kukubali zipokezane.