Koli uliyouza itakurudia lini? Angalia puti ya bei hiyohiyo

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa nilikuwa nyumbani Mombasa nikisubiri soko la New York lifunguliwe, saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu. Nilipofungua akaunti nikakuta mambo mawili ambayo sikuyafanya mimi: nimeuza hisa 100 ambazo sikuwahi kuwa nazo za SPY, mfuko wa hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, na taslimu imeongezeka dola 56,000. Kwa dakika mbili hivi nilijiona tajiri. Kisha nikaona mstari mwingine mdogo wa gawio, una alama ya kutoa mbele yake, nikaanza kuelewa.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi, namba nimezizungusha kidogo ili mfuate vizuri. Nilikuwa nimeuza koli ya 560 na kununua koli ya 565, zote zikiisha Ijumaa hiyohiyo. Koli, kwa mgeni kabisa, ni haki ya kununua hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Puti ni haki ya kuuza, na zote mbili huitwa opsheni. Anayenunua ana haki, anayeuza ana deni la kutii. Kwa jozi ile nilipokea dola 200. Tofauti ya bei mbili ni dola 5 kwa hisa, yaani 500 kwa mkataba, kwa hiyo niliamini nikipoteza sana nitapoteza 300, basi. Alhamisi SPY ikafunga 572. Dau limeshaungua, nikajiambia, hasara imefika mwisho wake, ya nini kulipa kamisheni ya kufunga? Nikalala.

Nilichosahau ni kwamba SPY hutoa gawio mara nne kwa mwaka, na siku ya kuanza kuuzwa bila gawio huwa kwa kawaida Ijumaa ya tatu ya mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Kwenye skrini imeandikwa `Ex-Date`. Ijumaa ya tatu ndiyo pia siku opsheni nyingi za mwezi zinapoisha. Anayetaka gawio lazima awe na hisa kabla ya siku hiyo, na mwenye koli hana hisa, ana haki tu. Bei ya mkataba nayo haipunguzwi kwa sababu ya gawio la kawaida. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo nafasi yake ya mwisho: aitumie haki yake apate gawio, au aikalie aone hisa ikishuka asubuhi kwa kiasi kilekile cha gawio bila yeye kuambulia kitu.

Gawio lilikuwa dola 1.75 kwa hisa. Aliyekuwa na koli ya 560 akaitumia Alhamisi usiku. Ijumaa mimi nikaamka nikidaiwa hisa 100, na anayedaiwa hisa siku hiyo ndiye anayelipa gawio lake, dola 175, kutoka mfukoni. SPY ilifunguka kama 570.25. Nilinunua hisa za kufidia kwa 57,025, nikauza koli yangu ya 565 kwa 525. Jumlisha: 200 niliyopokea mwanzoni, ongeza 56,000, toa 57,025, ongeza 525, toa 175. Jibu ni hasara ya 475. Ile 300 yangu ya "haizidi hapo" ilizidi kwa 175 kamili. Na ukiwa Mkenya kuna uchungu wa ziada: gawio ukilipokea Marekani wanakukata kodi asilimia 30, lakini ukiwa wewe ndiye unayelilipa, unalilipa lote.

Kuitumia ile koli ya 565 Ijumaa asubuhi kusingenisaidia kitu, maana gawio lilikuwa limeshapita. Ningekuwa macho Alhamisi kabla ya saa tano usiku, soko linapofunga, ningefunga jozi nzima kwa dola 502 hivi na hasara ingebaki 302. Kwa ajili ya kukwepa kamisheni nikalipa 175.

Baadaye nilijifunza kwamba usiku ule haukuwa bahati mbaya. Ungeweza kuonekana tangu mchana kwa kuangalia bei moja tu, na bei hiyo wala si ya koli niliyouza. Ni ya puti yenye bei ya mkataba ileile.

Mfikirie mwenye koli ya 560 hisa ikiwa 572. Hali yake ni sawa na ya mtu aliyenunua hisa kwa pesa ya kukopa, dola 560, kisha akakata bima: hisa ikianguka chini ya 560 hapotezi zaidi. Bima hiyo inauzwa sokoni, na jina lake ni puti ya 560. Akiitumia koli leo, anatoa vitu viwili. Anaitupa bima, na analipa zile 560 leo badala ya kesho, yaani anapoteza riba ya muda uliobaki. Anachopata ni gawio. Alhamisi ile puti ya 560 ilikuwa inauzwa senti 12. Riba ya siku moja juu ya 560, kwa asilimia 5 kwa mwaka, ni kama senti 8. Anatupa senti 20 ili apate dola 1.75. Wewe ungengoja?

Basi siku moja au mbili kabla ya tarehe ya gawio, kwa kila koli uliyouza ambayo hisa imeshapita bei yake, fungua puti ya bei hiyohiyo. Ikiwa bei yake pamoja na riba iliyobaki ni ndogo kuliko gawio, hesabu kwamba koli hiyo itatumiwa usiku wa mwisho. Ikiwa puti ni dola 4 na gawio ni 1.75, lala. Ni makampuni na mashine ndizo zinazopiga hesabu hii, kila siku, kwa kila mkataba, na hazina huruma wala usingizi.

Kuna wanaosahau, kweli. Kila gawio hubaki koli ambazo zilipaswa kutumiwa na hazikutumiwa. Taarifa za matumizi hupita kwenye OCC, shirika linalosimamia malipo ya opsheni zote zilizoorodheshwa Marekani, nalo hugawa kwa bahati nasibu kati ya madalali, kisha dalali wako hugawa kwa wateja wake kwa utaratibu wake. Unaweza kuwa na mikataba mitatu ukapangiwa miwili, yaani ukatakiwa kuitekeleza hiyo miwili. Ukinusurika mara moja usijenge nyumba juu yake. Na kumbuka kazi hii hufanyika usiku baada ya soko kufungwa: tangu unapopangiwa mpaka unapojua, huwezi kununua wala kuuza, lakini deni limeshaanza.

Upande wa puti hesabu ni ileile imegeuzwa, na hapa ndipo wageni wengi wanaposhangaa, kwa sababu ushauri wa zamani uliandikwa riba ikiwa karibu na sifuri. Kuanzia Machi 2020 benki kuu ya Marekani iliweka riba kati ya 0 na asilimia 0.25, na hakukuwa na sababu kubwa ya kuharakisha puti. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Pesa ikawa na bei tena.

Tuseme umeuza puti ya 80, hisa ikaporomoka mpaka 50, na zimebaki siku 60. Puti ya namna hii tunasema imezama. Mwenye nayo anaweza kupata dola 8,000 leo kwa kukabidhi hisa 100, au angoje siku 60 apate 8,000 zilezile. Kwa asilimia 5, kungoja kunamgharimu dola 66 za riba. Anachopata kwa kungoja ni nafasi kwamba hisa itapanda mpaka ipite 80, na nafasi hiyo ina bei: ni koli ya 80. Ukiiangalia unakuta senti 5, yaani dola 5 kwa mkataba. Mtu wa kungojea dola 5 kwa gharama ya 66 ni nadra.

Dalili nyingine inaonekana kwenye skrini bila hesabu. Puti hiyo ikitumiwa ina thamani ya dola 30 kamili. Ukiona wanunuzi wanatoa 29.80 tu, jua anayeinunua kwa bei hiyo ataitumia usiku huohuo ale zile senti 20.

Gawio linaingia hapa pia, ila kinyume. Anayetumia puti anaikabidhi hisa, kwa hiyo anapoteza gawio lililo njiani. Kama hisa hii ina gawio la senti 50 baada ya siku 10, riba ya siku hizo ni senti 11 tu, basi atangoja. Likishapita hana cha kungojea. Ndiyo maana koli hukurudia usiku wa kuamkia siku ya gawio, na puti zilizozama hukurudia tangu usiku unaofuata.

Kupangiwa puti si hasara mpya. Ulikuwa umeshapoteza dola 30 kwa hisa kabla hujaletewa chochote. Tatizo ni pesa: akaunti yenye dola 3,000 inaamka imenunua hisa kwa 8,000, na dalali anakupa muda mfupi wa kuleta dhamana au anauza mwenyewe kwa bei anayoikuta. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi aliuziwa hivyo akiwa kazini, simu ikiwa kwenye droo. Alikuwa na puti ya chini aliyoinunua kama kinga, lakini mfumo uliuza hisa tu, ukamwachia kinga ikielea peke yake.

Ukikuta umepangiwa na una mguu wa pili, yaani ile opsheni uliyonunua kama kinga, usikimbilie kuutumia. Angalia kwanza kama bado una thamani ya muda. Koli yako ya 565 ikiuzwa 6.10 wakati hisa iko 570.25, kuitumia kunakupa 5.25 tu na unaitupa senti 85. Iuze sokoni, funga hisa sokoni, kwa dakika hiyohiyo kama mtandao unakuruhusu. Kama mguu huo hauna mnunuzi anayetoa hata thamani yake kamili, hapo ndipo unautumia.

Kwa wenye hamu ya kuuza opsheni za soko zima bila mambo haya, opsheni za SPX, yaani za faharisi ya kampuni zilezile 500, na za ndugu yake mdogo XSP hazitumiki kabla ya siku ya mwisho, na malipo yake ni taslimu, hakuna hisa zinazohama. Mimi miezi minne ile ya gawio huhamia huko. Nikibaki na SPY, Alhamisi hiyo saa mbili usiku simu inalia, nami nafungua ukurasa wa puti.