Mpira wa kurusha ukiingia golini kwa mrushaji

"Beki wao karusha mpira kumrudishia kipa, ukampita, ukaingia wavuni. Tumeshangilia goli, refa kasema kona. Katuonea?"

Hajawaonea, ndugu. Mpira wa kurusha hauzai goli moja kwa moja. Ukiingia golini kwa mrushaji bila kuguswa na mtu, wapinzani wanapewa kona. Ukiingia golini kwa wapinzani, ni goli kiki. Faulo ukijifunga moja kwa moja ni kona vilevile.

Tulibishana hivyo hivyo kwenye kiwanja cha vumbi pale Majengo, Moshi. Kipa alinyoosha mguu, mpira ukapita chini ya soli. Refa alikuwa ameikazia macho njumu ile tu. Ingeugusa hata kwa ncha, lingekuwa goli halali. Mshambuliaji wenu angeuwahi kabla haujavuka mstari, goli pia.