Kazi ya Udereva Dar es Salaam: Anzia Gereji, Usianzie kwa Dalali

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia kwamba dalali anamdai shilingi 60,000, anazoziita hela ya fomu, ili amuunganishe na bosi wa Masaki anayetafuta dereva. Nilimjibu asitume hata senti moja, na uchungu niliodhani umekwisha ukanirudia.

Mwaka 2014 nilishuka Ubungo nikiwa na leseni ya daraja D na shilingi 70,000. Dalali alichukua 50,000, akanifikisha kwenye geti moja la Mikocheni, akaniambia nisubiri ng'ambo ya barabara wakati anazungumza na bosi. Alisimama na mlinzi kwa dakika chache, kisha akarudi akisema bosi amesafiri, nije Jumatatu. Nilipokwenda Jumatatu, mlinzi aliniambia kwamba yule mtu aliomba maji ya kunywa tu. Simu yake haikupatikana tena.

Miezi iliyofuata niliosha magari kwenye gereji moja Kinondoni, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo dalali hawezi kulijua. Gari lililozoeleka kuletwa na dereva likianza kuletwa na mwenyewe, akiwa na haraka ya kurudi ofisini, mara nyingi dereva ameondoka, na fundi hulitambua hilo kabla nafasi haijatangazwa popote. Fundi wangu, aliyekuwa ameniona nikiyaegesha magari ya wateja bila kuyakwaruza, alinitaja kwa mama mmoja aliyekuwa katika hali hiyo.

Mama yule hakuniomba fedha. Alitaka leseni, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaofikika, kisha akanipa gari nimwendeshe hadi Mwenge na kurudi. Nimemwendesha kwa miaka sita, na ninajivunia hilo. Kwa hiyo nakuagiza, ndugu yangu: kabla ya kusafiri, tafuta wadhamini. Onyesha leseni halisi, lakini acha nakala tu.

Anayetaka kazi ya ulinzi aende mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni ya ulinzi na nyaraka hizohizo. Mdogo wangu alipata kazi ya ndani kupitia jumuiya ya kanisani kwetu: mama wa jumuiya alimsindikiza hadi nyumbani kwa mwajiri, na mama yetu akapatana naye kwa simu kuhusu mshahara na siku ya mapumziko kabla binti hajalala pale hata usiku mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aandike aina ya kazi, mahali, saa na malipo. Yaombeni hayo siku ya kwanza.

Yule kijana nilimshauri amwulize dalali jina la bosi na mtaa wa nyumba, na aombe kuzungumza naye kabla ya malipo yoyote. Jana amenijulisha kwamba dalali amemfungia namba.