Mlango wa kamati ya ukaguzi

"Mimi ni mkuu wa fedha, nafahamiana na wajumbe wawili wa bodi ya kampuni nyingine. Niwaombeje nafasi bodini?"

Ndugu, usiwaombe nafasi. Waulize ni ujuzi gani utakaopungua bodini mjumbe fulani atakapomaliza muhula wake, kwa kuwa majina hupitia kamati ya uteuzi. Kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni Kenya, kanuni za utawala za mwaka 2015 zinataka kamati ya ukaguzi iwe na angalau mtu mmoja mwenye sifa za kitaaluma za ukaguzi au uhasibu, na hapo ndipo unapofaa. Ushauri kwamba ujulikane kwanza umepatia nusu: mjumbe hulitaja jina lako kwa moyo akishakuona ukiieleza kamati hasara bila kuificha. Kama unafanya biashara na kampuni hiyo, mweleze mjumbe huyo mapema, maana huenda usihesabiwe kuwa mjumbe huru.