Amana ya mwanzo na mchango wa kila mwezi: jinsi ya kukokotoa salio utakalolikuta baada ya miaka mitano

Mwaka nilioanza kumwekea binti yangu fedha za chuo nilikuwa nimeuza mpunga na kubaki na shilingi 2,000,000 mkononi. Nikafungua akaunti ya malengo ya miaka mitano yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ambayo mkataba ulisema haitabadilika, nikaweka fedha hizo zote siku ya kwanza, kisha nikaagiza shilingi 100,000 ikatwe kwenye mshahara wangu kila mwisho wa mwezi. Usiku huo nilifanya hesabu kwenye daftari. Milioni 2 za mwanzo pamoja na milioni 6 za michango ya miezi 60 ni milioni 8, nikazidisha kwa 1.1 mara tano, nikapata 12,884,080. Namba hiyo niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na kwa miaka mitano familia yangu ilipanga mambo yake juu yake.

Muda ulipotimia, taarifa ya akaunti ilionyesha 10,673,776. Sikuwa nimeruka mwezi hata mmoja, hivyo nilikwenda tawini nikiwa na hakika kwamba milioni 2 na zaidi zimepotelea mahali. Afisa aliyenipokea aliomba kuliona daftari langu, akalisoma kwa utulivu, kisha akaweka kidole kwenye ile milioni 8. “Mwalimu,” akaniambia, “hii laki moja uliyoleta mwezi uliopita umeihesabia riba ya miaka mitano. Imekaa kwetu muda gani?”

Swali lake ndilo lenye hesabu yote. Amana ya mwanzo hukaa kwenye akaunti miezi yote 60. Mchango wa kwanza, unaoingia mwisho wa mwezi wa kwanza, hukaa miezi 59, wa pili hukaa 58, na wa mwisho huingia siku ile ile unapokwenda kuchukua fedha, kwa hiyo haupati riba yoyote. Kwa wastani michango yako hukaa miezi 29 na nusu, yaani karibu nusu ya muda uliojipangia. Anayezijumlisha fedha zote kwanza na kuzizidisha baadaye huwa amezipa riba ya miezi ambayo zilikuwa bado hazijalipwa na mwajiri wake. Ndiyo maana amana na michango ni lazima zikokotolewe kila moja peke yake, na kujumlishwa mwishoni.

Kabla ya hapo kuna jambo jingine nililolisahau, nalo ni kodi. Hapa Tanzania benki hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya mwenye akaunti kabla ya kuiingiza, na Kenya kiwango hicho ni asilimia 15. Kodi hukatwa kwenye riba, wala haigusi fedha ulizoweka. Kwa hiyo riba yangu ya asilimia 10 ilikuwa kwa kweli asilimia 9, na kwa kuwa iliingizwa kila mwezi, nilipaswa kuigawa kwa 12 na kupata asilimia 0.75 kwa mwezi, yaani 0.0075. Ningeacha kodi nje ya hesabu na kufanya mengine yote sawasawa, bado ningetarajia shilingi 360,000 na ushee ambazo hazikuwa zangu.

Afisa yule alinionyesha miezi mitatu ya kwanza kwenye taarifa yangu mwenyewe, na nakushauri nawe uanzie hapo, kwa mkono, kabla hujashika kanuni yoyote. Mwezi wa kwanza, milioni 2 zilizaa 15,000, ukaingia mchango wa 100,000, salio likawa 2,115,000. Mwezi wa pili riba ilihesabiwa juu ya salio hilo jipya, ikawa 15,862.50, na baada ya mchango salio likafika 2,230,862.50. Mwezi wa tatu riba ilikuwa 16,731.47 na salio 2,347,593.97. Ukizitazama namba hizi utaona kwamba riba ya mwezi wa pili imeongezeka kwa 862.50, na kati ya hizo 750 zimetokana na mchango wa mwezi uliotangulia, na 112.50 zimetokana na riba iliyozaa riba.

Kuendelea hivyo hadi mwezi wa 60 kunawezekana, lakini kanuni ifuatayo hufika huko kwa hatua moja. A ni amana ya mwanzo, M ni mchango wa mwezi, r ni riba ya mwezi baada ya kodi, n ni idadi ya miezi, na S ni salio:

```
S = A × (1 + r)^n + M × ((1 + r)^n − 1) / r
```

Kinachohitaji kikokotoo ni kimoja tu, nacho ni 1.0075 kuzidishwa kwa yenyewe mara 60, ambayo ni 1.565681. Sehemu ya kwanza inatoa 2,000,000 × 1.565681, sawa na 3,131,362. Kwa sehemu ya pili, ondoa 1 ibaki 0.565681, igawe kwa 0.0075 upate 75.42414, uzidishe kwa 100,000 upate 7,542,414. Jumla ni 10,673,776, namba ile ile iliyokuwa kwenye taarifa niliyokwenda kuilalamikia.

Sehemu hizi mbili zikiwa zimetenganishwa zinakueleza jambo ambalo jumla hulificha. Milioni 2 za mpunga zilileta riba ya 1,131,362, yaani kila shilingi ilizaa senti 56 na zaidi kidogo. Milioni 6 za michango zilileta 1,542,414, yaani kila shilingi ilizaa senti 25 na ushee tu, ingawa kiwango cha riba kilikuwa kimoja. Kwa hiyo mtu mwenye fedha za mkupuo akiamua kuzipunguza na kuahidi kufidia kwa michango ya baadaye, anahamisha shilingi zake kutoka upande unaozaa zaidi kwenda upande unaozaa kidogo. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo michango nayo inavyopata nafasi. Ningeacha mpango huo huo uendelee miaka 10, amana ingefika 4,902,714 na michango 19,351,428, jumla 24,254,142, na katika hizo zaidi ya milioni 10 zingekuwa riba.

Ukitumia Excel, kazi yote hufanywa na mstari huu:

```
=FV(0.09/12, 60, -100000, -2000000, 0)
```

Alama za kutoa ni lazima ziwepo kwenye mchango na kwenye amana pia, kwa sababu zote mbili ni fedha zinazotoka mfukoni mwako. Ukisahau alama hiyo kwenye amana peke yake, programu itadhani umekopa milioni 2 na itakupa 4,411,052, kiasi ambacho ni kidogo kuliko fedha ulizoweka mwenyewe. Akaunti yenye riba, ambayo haijatozwa chochote na wala haijatolewa fedha, haiwezi kuwa na salio lililo chini ya jumla ya ulichoweka, hivyo ukiona namba ya namna hiyo usiilaumu benki, sahihisha alama. Ile 0 ya mwisho inasema mchango huingia mwisho wa mwezi. Ukiweka 1, maana yake unaingia mwanzo wa mwezi, na salio langu lingeongezeka kwa 56,568. Kabla hujaiweka hiyo 1, uliza benki yako inahesabuje riba. Zipo akaunti ambazo riba yake huhesabiwa juu ya salio dogo kuliko yote ndani ya mwezi, na kwenye akaunti ya aina hiyo mchango wa tarehe 10 hausomeki hadi mwezi unaofuata, kwa hiyo 0 ndiyo inayosema kweli.

Kanuni hii inadhani kwamba hakuna mwezi utakaorukwa, jambo ambalo kwa maisha yetu si la kudhani kirahisi. Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa na mpango sawa na wangu, alisimamisha michango kuanzia mwezi wa 13 hadi wa 18 alipokuwa akiuguza. Alijua amepungukiwa na laki sita, na aliponiomba nimkokotolee tulikuta ni 836,742, kwa sababu fedha hizo zingekuwa na miezi 42 hadi 47 ya kuzaa. Hesabu ya kutoa fedha katikati ya njia ni rahisi zaidi: anayetoa milioni 1 mwisho wa mwaka wa pili anaizidisha kwa 1.0075 mara 36 zilizobaki, na kukuta kwamba amejipunguzia 1,308,645 mwishoni. Simlaumu anayetoa kwa sababu mgonjwa yuko kitandani. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo hiyo salio la mwisho likokotolewe upya, familia isiendelee kuitegemea namba iliyokwisha kubadilika.

Lipo pia suala la bei. Salio ni shilingi za mwaka wa tano, nazo hazinunui kama za leo. Ukichukulia mfumuko wa bei wa asilimia 4 kila mwaka, gawanya salio kwa 1.04 mara tano, na zile 10,673,776 zitakuwa na uwezo wa kununua sawa na takribani 8,773,000 za siku ulipoanza. Faida halisi ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyosomeka kwenye karatasi, na ada za vyuo hazitakusubiri.

Hesabu ninayojuta kutoifanya mapema zaidi ni ile inayorudi nyuma, yaani kuanza na kiasi unachokihitaji na kutafuta mchango. Sisi tulihitaji milioni 12. Ukiondoa 3,131,362 ambazo amana ingezileta yenyewe, zinabaki 8,868,638, na ukizigawa kwa 75.42414 unapata 117,584 kwa mwezi. Tulipungukiwa kwa sababu ya shilingi 17,584 ambazo ningeweza kuzipata laiti ningejua zinahitajika, na pengo la milioni 1.3 lililobaki tulilijaza kwa mkopo wa mshahara uliotugharimu riba ya upande wa pili.

Mdogo wake binti yangu yuko kidato cha kwanza. Nimemfungulia akaunti yenye masharti yale yale, amana milioni 2 nyingine, na safari hii nimeagiza ikatwe 118,000. Kwa kiwango hiki cha riba, mwezi wa 60 taarifa inapaswa kusomeka 12,031,411, na kila Desemba ninalinganisha salio la benki na mstari wa mwezi huo kwenye daftari.